Kivuli cha Tanki kwenye Mstari wa Ikweta: Kupanga Paneli za Sola Juu ya Mchoro wa Paa

Ndugu mafundi, wachoraji na wahandisi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa kuwa chumba hiki kimekusanya watu wa Kampala, wa Arua, wa Kisumu, wa Mwanza na wa Bunia, na hatuna lugha nyingine ambayo sote tunaweza kubishana nayo bila mkalimani. Nimeomba pia niruhusiwe kusema jambo moja tu na kulimaliza, nalo ni hili: namna ya kuchora paneli za sola juu ya ramani ya paa lililo karibu na Ikweta, mahali ambapo kivuli hakikai upande mmoja wa kizuizi mwaka mzima, bali huhama kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi. Paa nitakalolitumia ni la zege, la bapa, hapa hapa Kampala, lenye chumba cha ngazi kwenye kona moja na tanki la maji katikati ya nusu yake ya magharibi.

Nianze na kosa, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa faili ya mfano kutoka nje, iliyokuwa imechorwa vizuri sana, ambamo kila kizuizi cha paani kiliachiwa eneo tupu upande wake wa kaskazini peke yake. Mwenye faili alikuwa sahihi kwao, kwani Ulaya jua la adhuhuri huwa daima upande wa kusini, na kivuli huangukia kaskazini. Nami nikaifuata bila kufikiri, nikapanga paneli hadi karibu na ukuta wa kusini wa chumba cha ngazi, na kazi ikafungwa mwezi wa Januari. Hadi Machi kila mtu alifurahi. Ilipofika Juni mwenye jengo akanipigia simu kwamba umeme wa asubuhi umepungua, ingawa ni kiangazi na anga ni jeupe. Tulipofungua grafu ya inverta tukaona pengo lile lile, saa ile ile, kila siku isiyo na mawingu. Pengo linalorudi saa ile ile kila siku na kuhama polepole kadiri miezi inavyosogea ni kivuli. Paneli mbovu haina saa, na wingu halina ratiba.

Sababu yake ni rahisi. Mstari wa Ikweta unapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na Kampala iko kaskazini mwake kwa thuluthi moja tu ya nyuzi. Mwezi Machi na Septemba jua hupita utosini mwetu. Mwezi Juni hupita kaskazini mwa utosi kwa takriban nyuzi 23, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, na mwezi Desemba hupita kusini kwa takriban nyuzi 24, kwa hiyo kivuli huangukia kaskazini. Kizuizi chochote cha paani kina vivuli viwili vya adhuhuri, na mchoro usioonyesha vyote viwili umechora nusu ya mwaka.

Hata hivyo Ikweta imetupa zawadi ambayo wenzetu wa mbali hawana, nayo ni hesabu nyepesi. Jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Saa tatu kabla ya adhuhuri liko nyuzi 45 upande wa mashariki, na kwa nyuzi 45 kivuli husogea kuelekea magharibi kwa umbali ulio sawasawa na kimo cha kitu. Nguzo ya mita moja hutupa ncha ya kivuli chake mita moja magharibi, na hapa kwetu hali hiyo ni ile ile Machi, Juni na Desemba. Saa tatu baada ya adhuhuri ni vivyo hivyo kuelekea mashariki. Kinachobadilika kwa miezi ni mwendo wa kusini na kaskazini peke yake: Juni, saa tatu kabla ya adhuhuri, ncha hiyo huwa pia imesogea kusini kwa 0.61 ya kimo, na adhuhuri yenyewe kwa 0.43. Desemba ni hivyo hivyo kuelekea kaskazini.

Kwa hiyo ukitaka kujua ni wapi kivuli cha kona moja ya kizuizi kinaweza kufika mwaka mzima, kwa saa sita za katikati ya siku, unachora mstatili mmoja tu. Kutoka kwenye kona hiyo nenda mashariki kwa kimo kizima, magharibi kwa kimo kizima, kaskazini kwa 0.61 ya kimo na kusini kwa 0.61. Mstatili huo unazidi ukweli kidogo karibu na katikati, ambako kivuli hakifiki mbali hivyo, nami naukubali uzidi. Ndani ya saa hizo sita mna zaidi ya asilimia 70 ya jua la siku, ndiyo maana nazilinda kikamilifu. Anayetaka kulinda saa nne kabla na saa nne baada ya adhuhuri atazidisha kimo kwa 1.73 upande wa mashariki na magharibi, na kwa 0.87 upande wa kaskazini na kusini, na ataona jinsi paa linavyokwisha haraka.

Hapa nitoke kando kidogo, kwa sababu ya saa. Ninaposema adhuhuri nasema adhuhuri ya jua, si ya ukutani. Saa ya Uganda imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 za mashariki, nasi tuko karibu na 32.6, kwa hiyo jua la Kampala hufika juu kabisa yapata dakika 50 baada ya saa sita ya mchana, ikipungua au kuongezeka kwa takriban robo saa kulingana na mwezi. Anayepanda paani kupima kivuli saa tatu kamili asubuhi kwa saa ya mkononi, akadhani anapima saa tatu kabla ya adhuhuri, atakuta kivuli kirefu kuliko alichochora na ataanza kulaumu mchoro. Na aende saa tatu na dakika 50.

Sasa tufungue programu. Mimi natumia AutoCAD, na nitataja amri zake, ingawa programu nyingine za kuchora zina amri zinazofanana. Jambo la kwanza, kabla ya paneli hata moja, ni kuhakikisha kwamba ramani uliyopewa na msanifu inasema kweli. Iingize kwa `XREF`, weka vipimo viwe milimita kwa `UNITS`, kisha pima ukuta mmoja kwa `DIST` na ulinganishe na ulichopima kwa futikamba ukiwa juu ya paa. Nimekutana na ramani ambamo tanki halikuwepo kabisa, kwa kuwa lilipandishwa baada ya mwenye nyumba kuchoka na maji kukatika, na nimekutana na ukuta wa ukingo ulioongezwa matofali mawili na fundi aliyeambiwa na jirani. Ramani ya msanifu huonyesha jengo lililokusudiwa, na kivuli hutupwa na jengo lililojengwa.

Paa letu, likipimwa ndani ya ukuta wa ukingo, lina mita 24 kutoka magharibi kwenda mashariki na mita 15 kutoka kusini kwenda kaskazini. Chumba cha ngazi kipo kona ya kaskazini-mashariki, kina mita 4 kwa 3, na kimo chake ni mita 2.6. Tanki ni la lita 5,000, upana wake mita 1.8, limekaa juu ya stendi ya mita moja, na kichwa chake kiko mita 3.0 juu ya zege. Fundi bomba aliliweka katikati ya nusu ya magharibi ya paa, kwa sababu ndipo mabomba yalipokuwa karibu. Ukuta wa ukingo una kimo cha milimita 900.

Kimo kinachoingia kwenye hesabu ya kivuli si kimo juu ya zege. Paneli zimeinuliwa, na kinachotuhusu ni jinsi kizuizi kinavyozidi ukingo wa chini wa paneli. Hapa ukingo huo uko milimita 200 juu ya zege, basi chumba cha ngazi kinabaki mita 2.4, tanki mita 2.8, na ukuta wa ukingo milimita 700. Ukisahau kutoa hizo 200 utapoteza nafasi bure. Lakini ukikosea upande wa pili, kwa kupima tanki na kusahau stendi yake, utaweka paneli kivulini.

Kwa kuwa mstatili wa kivuli huchorwa mara nyingi, niliuandikia amri fupi:

```lisp
(defun c:KIVULI (/ p h)
  (setq p (getpoint "\nKona ya kizuizi: ")
        h (getreal "\nKimo juu ya paneli: "))
  (command "_.RECTANG"
    "_non" (list (- (car p) h) (- (cadr p) (* 0.61 h)))
    "_non" (list (+ (car p) h) (+ (cadr p) (* 0.61 h))))
  (princ))
```

Unaandika `KIVULI`, unabofya kona, unaandika kimo kwa milimita, na mstatili unatokea. Ufanye kwa kila kona ya kizuizi, kisha uzungushie mistatili yote mstari mmoja wa nje kwa `PLINE`, na ndani ya mstari huo ndimo kusipowekwa paneli. Kwa tanki la mviringo nachora kwanza mraba unaoligusa pande zote, halafu natumia kona za mraba huo.

Amri hii ina mtego mmoja, nami nimenaswa nao. Inachukulia kwamba juu ya skrini ni kaskazini halisi. Majengo mengi ya Kampala hayakufuata dira. Yamefuata barabara na mteremko wa kilima. Ili kupanga paneli sambamba na kuta, mchoraji huzungusha mhimili kwa `UCS`, na hilo ni sawa kabisa kwa paneli. Lakini akisahau kuurudisha, `KIVULI` nayo huchora sambamba na kuta, kana kwamba jua limekubali kufuata barabara. Kwenye jengo lililopinda nyuzi 20, ncha ya kivuli cha kitu cha mita 3 hukosea mahali pake kwa zaidi ya mita moja, na mchoro unapendeza kiasi kwamba hakuna anayeshuku. Basi kabla ya kuchora vivuli andika `UCS`, kisha `W`, uangalie mshale wa kaskazini, ndipo uendelee. Paa letu la leo limenyooka na dira, kwa hiyo tatizo hilo halipo.

Tuje kwenye njia na nafasi. Faili za nje huweka nafasi kubwa kati ya safu na safu kwa hofu ya safu ya mbele kuitia kivuli ya nyuma. Tupime kama hofu hiyo inatuhusu. Paneli zetu ni za wati 550, zenye urefu wa milimita 2278 na upana wa 1134, na tunazilaza kwa ubavu mrefu na kuziinamisha nyuzi 10, kiasi cha kuwezesha mvua kuzisafisha na kuondoka na vumbi. Kwa mwinamo huo ukingo wa juu unazidi wa chini kwa milimita 197. Zidisha kwa 0.61, unapata milimita 120. Kivuli cha safu kwenda safu, katika siku mbaya kabisa ya mwaka ndani ya saa zetu sita, ni upana wa kiganja kilichokunjuliwa kidogo. Hapa kwetu si jua linaloamua nafasi kati ya safu. Ni mguu wa mtu.

Kwa sababu hiyo mimi huziegemeza safu mbili mgongo kwa mgongo, moja ikitazama kaskazini na nyingine kusini, mfano wa kibanda kidogo. Mwezi Juni ya kaskazini hufaidi zaidi, Desemba ya kusini, na mwaka mzima hulingana. Mgongo hauitii kivuli safu yoyote isipokuwa kwa takriban robo saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ya mwisho kabla ya kutua, katika siku za karibu na Juni 21 na Desemba 21, wakati ambao hakuna umeme wa kuhesabu. Baada ya kila kibanda naacha njia ya milimita 600 ili mtu apite na ndoo na brashi yenye mpini. Wenyeji wa Kampala mnajua kwa nini. Wale korongo wakubwa ambao Waganda huwaita kaloli hawana adabu na paa la mtu, na kinyesi chao kimoja huziba seli kadhaa kwa wiki nzima kama mvua haijanyesha. Paneli isiyofikika kwa mkono ni paneli itakayooshwa kwa mtu kukanyaga jirani yake, na seli zikishapasuka kwa kukanyagwa, kioo cha juu huweza kubaki kizima na kukudanganya.

Kuzunguka paa lote naacha njia ya mita moja ndani ya ukuta wa ukingo, kwa `OFFSET` ya 1000. Njia hii inafanya kazi mbili. Mtu anapita, na kivuli cha ukuta chenyewe kinaishia humo: ukuta unazidi paneli kwa milimita 700, basi upande wa mashariki na magharibi kivuli kinafika 700, na kaskazini na kusini hakifiki hata 430. Kama ukuta ungekuwa wa mita moja na nusu, njia hiyo isingetosha mashariki na magharibi, na ningelazimika kuipanua.

Ndani ya njia hiyo tunabaki na mita 22 kwa 13. Paneli ikiinamishwa nyuzi 10, ikitazamwa kutoka juu, upana wake huonekana 1117 badala ya 1134, na `BLOCK` ya paneli ichorwe hivyo. Kibanda kimoja, pamoja na milimita 50 za mgongoni, kina 2284. Vibanda vinne na njia zake tatu vinachukua 10,936, na nafasi inayobaki inatosha njia moja zaidi na safu moja pekee, jumla 12,653. Tuna safu tisa. Kwa urefu, kila paneli inahitaji 2278 na pengo la 20 la vibano, hivyo paneli tisa zinaingia, na baki inatosha njia ya mita moja inayokata paa katikati, tano upande wa magharibi na nne upande wa mashariki. Safu tisa mara paneli tisa ni 81.

Unapotumia `ARRAYRECT` kumbuka kwamba inauliza umbali kutoka mwanzo wa kitu hadi mwanzo wa kinachofuata, si pengo kati yao. Andika 2298, si 20. Anayeandika 20 hupata paneli zimelaliana kama kadi za karata, naye hucheka na kurekebisha. Hatari ni yule aliyenakili safu mara mbili mahali pale pale, kwa sababu jicho haliwezi kuona. `BCOUNT` itahesabu zote, na bei itapelekwa kwa mteja ikiwa na paneli ambazo hazina pa kukaa. Kama `ARRAYRECT` imeziacha paneli zimefungwa pamoja kama kitu kimoja, zitenganishe kwanza kwa `EXPLODE`, kisha pitisha `OVERKILL` kabla ya kuhesabu.

Sasa weka vivuli juu ya hizo 81. Chumba cha ngazi kinatupa kivuli mita 2.4 kuelekea magharibi na karibu mita moja na nusu kuelekea kusini, na eneo lake, pamoja na nafasi ya chumba chenyewe, linagusa safu tatu za kaskazini katika paneli tatu za mwisho za kila safu. Zinaondoka tisa. Hiyo ni gharama ya kona, haiepukiki.

Tanki ndilo la kuhuzunisha. Upana wake ni mita 1.8 tu, lakini kivuli kinasogea mita 2.8 kila upande wa mashariki na magharibi, na 1.7 kaskazini na kusini. Kitu kinachokalia mita za mraba zisizozidi tatu na robo kinadai eneo la mita 7.4 kwa 5.2. Katika mchoro wetu eneo hilo linagusa safu tano, paneli nne kila safu. Ni paneli 20, robo ya paa. Tunabaki na 52, yaani kilowati 28.6.

Wengi hukubali hapo. Mimi nawasihi kabla ya kufuta paneli 20 mjaribu kufuta tanki. Lihamishe kwa `MOVE` hadi ukuta wa kaskazini, ubavuni mwa magharibi mwa chumba cha ngazi, likiacha milimita 300 kati yao. Kivuli chake sasa kinaangukia sehemu kubwa juu ya kivuli ambacho chumba kilishakidai, na kingine kinatoka nje ya paa. Paneli za ziada zinazopotea ni mbili tu, moja katika kila safu ya safu mbili za kaskazini. Tunapata 70, kilowati 38.5. Tumeokoa paneli 18 bila kununua chochote ila mabomba ya mita kumi na tano hivi na siku ya fundi bomba.

Nilishaulizwa kwa nini tusilipandishe juu ya chumba cha ngazi, liondoke kabisa njiani. Jaribuni kwenye mchoro. Kimo kinafika mita 4.6 hata bila stendi, ukitoa 200 zinabaki 4.4, na kivuli kinaingia mita 4.4 magharibi, kutoka mahali ambapo kila sentimita inauma. Na popote mnapolihamishia, maji ya lita 5,000 ni tani tano. Mchoro wa paneli hauna mamlaka ya kuamua kwamba zege la mahali hapo linabeba tani tano. Mhandisi wa majengo aonyeshe mihimili na nguzo ziko wapi, na kama jibu lake ni hapana, tanki linabaki na hesabu ya 52 inabaki.

Je, paneli ikiguswa kidogo tu na ukingo wa kivuli ni lazima iondoke? Hapo ni hukumu ya mchoraji. Pale tanki lilipokuwa mwanzo, safu ya tatu kutoka kusini iliguswa kwa sentimita kumi na moja, tena kwa asubuhi na alasiri chache za mwezi Juni. Paneli ya kawaida ya aina hii imegawanywa ndani katika sehemu tatu, na ikilazwa kwa ubavu mrefu, kivuli cha ukingo mmoja mrefu huzima sehemu moja, yaani theluthi, na nyingine zinaendelea. Kwa hiyo paneli kama hizo naweza kuziacha, kwa sharti kwamba zote ziunganishwe kwenye mnyororo mmoja wa inverta, zisichanganywe na zile zisizoguswa. Kwenye mchoro nazitia rangi tofauti na kuziweka kwenye tabaka lake, `PANELI-UKINGO`, ili fundi wa nyaya azione. Mlingoti wa antena ni jambo jingine. Mwembamba hivyo, watu huudharau, lakini ukiwa mita mbili kutoka kwenye paneli kivuli chake ni cheusi kabisa, nacho hutembea juu ya paneli moja baada ya nyingine asubuhi nzima. Ung'olewe, ufungwe upande wa nje wa chumba cha ngazi.

Kuhusu jengo la jirani, kanuni ya kimo inatosha kwa jibu la haraka. Likizidi paa lako kwa mita 6 na liko mita 10 mashariki, saa tatu kabla ya adhuhuri kivuli kimefika mita 6, hakijakugusa. Saa nne kabla, kilikuwa mita 10.4, kimegusa ukingo. Unamwambia mteja hivyo kwa kalamu, kabla ya kuwasha kompyuta.

Kwa paa la mabati nitasema kidogo, maana linahitaji siku yake. Ramani huonyesha mteremko ukiwa umefupishwa: kwa nyuzi 15, paneli ya 2278 inayopanda na mteremko huonekana 2200. Ukichora 2278 kwenye ramani utadhani nafasi haitoshi. Ukipima mteremko kwa futikamba na kuuingiza kwenye ramani kama ulivyo, paa lote litakuwa refu kuliko lilivyo. Chora pia mistari ya papi, kwa kuwa vishikizo vya reli hufungwa humo, na njia ya mtu ifuate misumari ya papi, kwa sababu bati la katikati halibebi mtu.

Faili ya paa hili nimeiweka kwenye kompyuta zilizo mbele yenu, ikiwa na tanki pale lilipokuwa mwanzoni na paneli zote 81 bila kufutwa hata moja. Kaskazini yake nimeizungusha nyuzi 20 makusudi, kama majengo ya mtaani kwetu. Wekeni `UCS` sawa, chukueni chumba cha ngazi kwanza, nami nitapita mezani mwenu kuona tanki kila mmoja amelipeleka wapi.